“Una sauti nzuri” au “Ulinyamaza kidogo ukamsubiri”: sifa ipi inamfikia mtu?

Mpwa wangu anaishi Igoma, kazi yake ni kuchomelea mageti. Binti anayempenda anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na kwao ni Ukerewe. Walikuwa wametumiana voisi kwa wiki tatu hivi, halafu Jumapili moja mpwa wangu akaja kwangu baada ya mazoezi ya kwaya, akakaa, akanipa simu nisome. Alikuwa amemwandikia: “Una sauti nzuri sana, kama malaika.” Binti alikuwa amejibu: “Asante.” Tangu hapo ni siku mbili, na hakuna kilichofuata.

“Mjomba, nimekosea wapi? Mbona nimemsifia kweli?”

Ni kweli alimsifia kweli. Nilizisikiliza zile voisi na sauti ya yule binti inapendeza. Tatizo ni kwamba maneno yale yangeweza kutumwa kwa binti yeyote Mwanza nzima, na mtu anayesimama Mwaloni kutwa akisikia wateja wakimwita “mrembo” ili wapunguziwe bei anaijua sifa ya namna hiyo kabla haijamaliza kutamkwa. Wazee waliipa jina: kilemba cha ukoka. Unavikwa kichwani, kinaonekana kijani, na kabla jua halijachwea kimeshanyauka.

Nimefundisha kwaya kwa miaka mingi, na kazi hiyo ni kusikiliza watu. Ndiyo maana nataka niweke sifa hizi ubavu kwa ubavu, ile inayotajwa na kila mtu na ile inayotoka kwa aliyesikiliza, ili mwenye kutaka kumsifia mtu ajue achague ipi na amwambie lini. Kabla ya yote, tutenganishe vitu vitatu ambavyo huwa tunavichanganya. Sauti yenyewe mtu amepewa. Kicheko kinamtoka. Usemi, yaani namna anavyoongea, anauchagua yeye kila siku. Sifa ya kila kimoja ina hatari zake, na kwa mtu ambaye bado humjui sana ningekushauri uanzie kwenye hicho cha tatu. Nitaeleza kwa nini.

Sauti yenyewe

Ukimwambia mtu “una sauti nzuri”, unamsifia kitu ambacho yeye hakijui kama unavyokijua wewe. Mtu anapoongea, sauti yake humfikia kwa njia mbili: kupitia hewani hadi sikioni, kama inavyotufikia sisi, na kupitia mifupa ya fuvu moja kwa moja. Mifupa hupitisha vizuri zaidi mitetemo ya chini, kwa hiyo mtu hujisikia mzito na mnene kuliko anavyosikika. Ndiyo sababu wengi wakisikiliza voisi yao wenyewe hukunja uso na kusema, “Hivi mimi ndivyo ninavyosikika?” Sasa wewe unapomsifia sauti, anakumbuka ile ya kwenye voisi, ile isiyompendeza. Anasema asante kwa adabu, lakini moyoni hakuamini.

Kwenye kwaya yetu kuna kijana wa sauti ya nne aliyetaka kuacha kwa sababu hiyo. Alijisikiliza kwenye simu akaona sauti yake ni kavu, ina mkwaruzo. Kumwambia “hapana, sauti yako ni nzuri” kusingesaidia, maana hapo ni neno langu dhidi ya masikio yake. Nikamwambia kitu nilichokiona: “Kwenye ule wimbo wa Pasaka, ubeti wa pili, wenzako watatu walipotea. Niliwaona wakigeuka upande wako. Walikushika wewe wakarudi.” Hilo hakuweza kulikataa, kwa sababu halikuhusu uzuri. Lilikuwa ni tukio, na yeye alikuwepo.

Sifa hizo mbili utazipima kwa swali moja dogo: lini? Ukisema “una sauti nzuri” na mtu akakuuliza “lini?”, huna jibu, utasema “siku zote”. Ukisema “wenzako walikushika wakarudi” na akauliza lini, jibu lipo: Pasaka, ubeti wa pili. Kama sifa yako haina jibu la lini, usiitume bado. Rudi usikilize tena.

Kuna sifa moja inayosikika sana hapa kwetu: “Una sauti ya redio.” Mwanza ni mji wa redio, Radio Free Africa inarushia matangazo yake hapa hapa, kwa hiyo watu wengi wamekua wakisikia sauti za watangazaji nyumbani na dukani. Si sifa mbaya kwa mtu anayetaka kazi hiyo. Lakini kwa mwingine unamlinganisha na kazi ya mtu mwingine, na bado hujasema ulichosikia kwake. Mara nyingi msemaji anamaanisha kwamba sauti ni nzito na maneno hayakimbizani. Basi aseme hivyo: “Ukisoma matangazo kanisani, hata sisi wa benchi la nyuma tunapata kila jina.” Ni sifa ile ile, ila sasa ina mahali na ina watu.

Tahadhari nyingine ni ya simu. Kama umemsikia mtu kwa kupigiana tu, usikimbilie kusifia uzito au wembamba wa sauti yake. Laini ya simu ya kawaida kwa miaka mingi imepitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 hivi kwa sekunde, wakati nyuzi za sauti za mwanaume akiongea hutetemeka kama mara 100 hadi 120 kwa sekunde, na za mwanamke karibu mara 200. Maana yake ile ngazi ya chini kabisa ya sauti haisafiri. Sikio lako ndilo linaloijaza kwa kukisia. Siku ukikutana naye uso kwa uso utamsikia tofauti. Kitu ambacho simu haikiharibu ni mwendo: anapokimbia, anapotulia, anapovuta neno. Hicho unaweza kukisifia hata kama hamjaonana.

Na kuna wakati sifa ya sauti haifai kabisa. Mtu akija na sauti iliyompwelea, usimwambie “leo sauti yako nzito, imependeza”. Wanadi wa samaki na wauzaji wanaopaza sauti tangu alfajiri hupata vinundu kwenye nyuzi za sauti, na ile nzito unayoipenda inaweza kuwa ni maumivu. Anayesikiliza vizuri atasema, “Naona sauti yako imebadilika tangu mwezi uliopita.” Mtu akikaa na mkwaruzo zaidi ya wiki tatu anatakiwa kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Mama mmoja pale kwetu alikwenda kwa daktari kwa sababu tu jirani yake alimwambia maneno hayo, na anasema hakuna aliyewahi kumpa sifa kubwa kuliko kujua kwamba kuna mtu anaijua sauti yake ya kawaida.

Kicheko

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, na mimi nilishaharibu.

Kwenye sauti ya pili tuna mama mmoja ambaye kicheko chake huanza kimya. Mabega yanatikisika kwanza, anafumba macho, halafu sauti inakuja nyuma kama mvua iliyochelewa. Ni kicheko kinachofurahisha kukitazama. Siku moja nikamwambia mbele ya watu wote, “Jamani, tazameni mama anavyocheka!” Nilikuwa namsifia kwa moyo wote. Wote wakamgeukia. Tangu siku ile, kwa miezi miwili, kila alipotaka kucheka alivuta ncha ya kanga akafunika mdomo, na kile kicheko hatukukiona tena.

Kilichotokea kinaeleweka. Kicheko cha kweli hakiji kwa amri; ukimwambia mtu acheke kwa dhati hawezi, atatoa cha kuigiza. Na kitu kisichotawaliwa na mtu, ukimfanya akitazame, unakifunga. Kama ungemwambia mtu “tazama jinsi miguu yako inavyoshuka ngazi”, angejikwaa. Kwa hiyo sifa inayoeleza umbo la kicheko, kwamba ni kikubwa, ni chembamba, kina kwikwi, kinafanana na hiki au kile, hata ikiwa ya upendo, inamwachia mtu kioo mbele ya mdomo. Usimfananishe na mnyama wala mashine, hata kwa utani. Na mtu anayeficha meno kwa kiganja, usimwambie “toa mkono, una tabasamu zuri”. Ana sababu yake, na umemwonyesha kwamba umeiona.

Ni nini cha kusifia basi? Sifia kazi ambayo kicheko kilifanya. Mtafiti wa Marekani, Robert Provine, aliyekaa miaka mingi akichunguza vicheko, alikwenda mahali pa watu wengi na kusikiliza ni maneno gani hutangulia kicheko. Alikuta kwamba sehemu ndogo tu, chini ya moja ya tano, ilifuata kitu kinachofanana na utani. Vingi vilifuata maneno ya kawaida kabisa, ya aina ya “haya, tutaonana kesho”. Na aliyekuwa akiongea alicheka zaidi ya aliyekuwa akisikiliza. Pia aligundua kwamba watu hucheka mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Ukilitafakari hilo unaona kwamba kicheko ni kitu kinachopita kati ya watu, kama vile kumsogezea mwenzako kiti. Hapo ndipo sifa yake ilipo.

Baada ya ile miezi miwili nilimkuta yule mama akitoka mazoezini peke yake. Nikamwambia: “Mama, unakumbuka ile siku umeme ulikatika katikati ya wimbo na watu wakaanza kukusanya vitabu waondoke? Ulicheka pale gizani, na hakuna aliyetoka. Tulimaliza wimbo bila taa.” Akanyamaza kidogo. “Kumbe mwalimu ulikuwa unasikia,” akasema. Sikutaja mabega, sikutaja macho. Sina hakika kwamba maneno yangu ndiyo yaliyomrudisha, lakini wiki chache baadaye kanga ilikaa mabegani.

Kwa hiyo ukiweka hizi mbili pamoja, “una kicheko kizuri” na “ulicheka gizani na hakuna aliyetoka”, tofauti haiko kwenye urefu. Ya kwanza inamfanya mtu ajitazame. Ya pili inamfanya akumbuke tukio, na ndani ya tukio anajikuta yuko na watu. Ya kwanza husemwa pale pale anapocheka, na hapo ndipo inapomkata. Ya pili huja baadaye, mkiwa wawili, wakati kicheko chenyewe kimeshapita salama.

Kuna sifa ya katikati, “kicheko chako kinaambukiza”. Hii siikatai. Inaelekea upande mzuri kwa sababu inazungumzia watu wengine. Imetumika sana tu, imechakaa. Ukiwa nayo, malizia: kilimwambukiza nani, mkiwa wapi? “Ulianza kucheka kabla hujamaliza kunisimulia, nikajikuta nacheka na mwisho wenyewe siujui.” Sasa imekuwa yako.

Usemi

Kiswahili chenyewe kina mitego hapa, na anayetaka kusifia aijue. “Unajua kuongea” inaweza kumaanisha kwamba mtu ni mjanja wa kukwepa swali. “Una maneno” ni karibu na tusi. “Una maneno matamu” humkumbusha msikilizaji yule nyoka anayetolewa pangoni kwa maneno hayo hayo. “Chiriku” ni ndege anayeimba vizuri, lakini mtu akiitwa chiriku ameambiwa haachi wengine waongee. Na “mpole” kwa binti mara nyingi ni njia ya kusema hatukumsikia. Sifa za jumla za usemi kwa hiyo zinaweza kukugeukia bila wewe kukusudia, na hiyo ni sababu nyingine ya kwenda kwenye jambo mahususi.

Jambo mahususi ni lipi? Sikiliza mambo ambayo mtu anayafanya kwa kuchagua, hata kama amezoea kiasi cha kusahau kwamba anachagua. Anatajaje majina ya watu wasiokuwepo? Akikatizwa anafanya nini? Akikataa kitu, anakataa vipi? Anapouliza habari, anangoja jibu? Hayo ndiyo yanayomtofautisha mtu na mwenzake, na kwa kuwa ni yake, ukimsifia hayo anajisikia ameonwa yeye, wala hakusifiwa koo lake. Ndiyo maana nilisema mtu asiyemjua mwenzake sana aanzie hapa.

Lafudhi inahitaji uangalifu wa pekee kwetu Kanda ya Ziwa, kwa sababu wengi wamechekwa kwa lafudhi zao shuleni na kazini. Kisukuma ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Kiswahili hakina toni. Mkazo wake hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Mtu aliyelelewa kwa Kisukuma huja na ule mwendo wake ndani ya Kiswahili, na sentensi inapata milima na mabonde ambayo Kiswahili cha kitabuni hakina. Masikio mengine huita hilo kosa.

Linganisha basi sifa hizi mbili. Moja: “Unaongea Kiswahili kizuri, hata huwezi kujua ni Msukuma.” Anayesema anadhani amesifia. Aliyesikia amesikia kwamba alivyolelewa ni doa na yeye amefaulu kulisugua. Nyingine: “Ulipoingia ukatusalimia ‘mwangaluka’, wale wazee wawili waliokuwa wamekaa pembeni waliinua vichwa.” Hii haisemi lafudhi ni nzuri wala mbaya. Inasema salamu yake ilifika mahali ambapo salamu zetu nyingine hazikufika. Kama lafudhi ya mtu inakupendeza kweli, tafuta neno moja alilolitamka na mahali alipolitamkia. Usimwombe alirudie ili wengine wasikie.

Kwa mwenye kigugumizi kanuni ni fupi zaidi. Usiseme “leo umeongea vizuri, hukugugumia hata kidogo”. Unamwambia kwamba siku nyingine zote ulikuwa unahesabu. Jibu alichosema, chukua hoja yake uitumie, na kama unataka kumsifia, sifia hoja.

Na wazee? Kijana kumwambia mzee “babu unaongea vizuri” ni kama kumpa maksi. Anayemheshimu mzee hubeba neno lake: “Shikamoo babu. Lile ulilolisema kwenye kikao cha msiba, kwamba tuanze na watoto, nililifikisha nyumbani na mama amelishika.” Hakuna sifa yoyote ndani yake ukiangalia maneno, lakini mzee atajua kwamba usemi wake ulikuwa na uzito, maana umetembea nao.

Voisi nne za binti wa Mwaloni

Nikamwambia mpwa wangu tusikilize tena. Alikuwa na voisi nyingi, tukachagua nne. Mara ya kwanza nilimwambia asikilize maneno tu, mara ya pili asikilize kila kitu isipokuwa maneno. Aliona ajabu, lakini alifanya.

Ya kwanza aliyoiona ni kwamba pale Mwaloni kila mtu anapaza sauti, unasikia mikokoteni, unasikia watu wakiita, na binti akifika kwenye bei anashusha sauti badala ya kuipandisha. Mteja analazimika kusogea. Ya pili, kicheko chake hutangulia; kinaanzia puani kabla hajafika kwenye jambo lenyewe. Ya tatu ilichukua muda. Kwenye voisi moja, katikati ya kumweleza mpwa wangu habari za mzigo, alipita mama mmoja, bila shaka mteja wake. Binti akamsalimia, akamuuliza hali ya mtoto. Kisha akanyamaza. Ni kama sekunde mbili, lakini kwenye voisi ni nyingi, nilidhani imekatika. Halafu yule mama akaanza kujibu, akaeleza kwa kirefu, na binti akamwachia mpaka akamaliza, simu ikiwa bado inarekodi.

Mpwa wangu akaandika rasimu. Ya kwanza ilisema, “Sauti yako inanituliza sana.” Nikamuuliza lini. Akafuta.

Ya pili ilikuwa ndefu: kwamba amesikiliza voisi zake zote mara nne, amegundua anashusha sauti kwenye bei, kicheko kinaanzia puani, akitaka kusema jambo gumu anavuta pumzi kwanza. Yote ni kweli, na yote kwa pamoja yanatisha. Binti angeisoma akajiona anapelelezwa. Hapa ndipo mwenye masikio mazuri anapokosea: anadhani akitaja mengi ndiyo ameonyesha anajali. Mtu akiambiwa jambo moja anafurahi. Akiambiwa matano anaanza kuchunga mdomo. Na lile la puani ni umbo la kicheko, tumeshaona linafanya nini. Akafuta tena.

Tukabaki na mawili, bei na mama aliyepita. Hili la bei ni zuri, lakini ni la biashara. Huenda ni mbinu yake, na si kila mtu anapenda mbinu yake ya kuuzia itajwe na mwanaume anayemtaka. Lile la mama aliyepita hakulifanya kwa ajili ya mpwa wangu wala kwa ajili ya kuuza. Nikamwambia achague mwenyewe, ila aandike kama anavyoongea, na asiweke neno “nzuri”.

Aliandika hivi: “Kwenye voisi ya juzi alipita mama mmoja ukamuuliza hali ya mtoto wake, halafu ukanyamaza ukamsubiri. Akaeleza mpaka akamaliza. Mimi huwa nauliza huku nimeshapita.”

Niliipenda ile sentensi ya mwisho. Hakuniuliza kuhusu hiyo, aliiweka mwenyewe. Inaonyesha kwamba alijilinganisha naye kabla ya kusema, na haimwombi binti kitu. Sifa nyingi zina ndoano ndani yake, zinasubiri kurudishiwa. Hii angeweza kuisoma, akaweka simu mfukoni, akaendelea na kazi.

Jibu lilikuja kesho yake usiku, voisi ya dakika moja na ushee. Mpwa wangu alinipigia kwanza kuniambia, kisha akanitumia kipande tu, na sikumuuliza kilichobaki. Binti alianza kwa kusema, “Kumbe ulisikia?” Akaeleza kwamba kule Ukerewe alilelewa na bibi yake ambaye masikio yalikuwa yamepungua nguvu. Ukimuuliza kitu, lazima ungoje. Neno linamfikia taratibu, halafu anajibu. Ukimkimbiza na swali la pili, anakasirika na yote mawili yanapotea. Bibi alifariki, na binti alidhani ile tabia ya kungoja imebaki kwake bure, maana Mwaloni wenzake humwambia amezubaa.

Kuhusu kicheko chake, mpwa wangu hajamwambia lolote mpaka leo. Anataka sana. Nimemwambia angoje mpaka wawe wamekaa mahali pamoja, na kicheko hicho kiwe kimefanya jambo ambalo wote wawili wataweza kulikumbuka.